Jumla ya mauzo ya siku: bei mara idadi, kwa fomula moja

Wateja wetu wengi wa Kongo, kule Kawangware, na wa Kibera huandika mauzo kwenye Excel jioni, kisha wanalinganisha na pesa zilizoingia kwenye tili. Tuchukue kibanda kimoja cha mfano. Bei ziko B2 hadi B5, idadi C2 hadi C5:

```
Sukuma   20   35
Mayai    15   60
Maziwa   60   24
Mkate    65   18
```

Ukizidisha mstari kwa mstari unapata 700, 900, 1,440 na 1,170. Jumla ni shilingi 4,210. Kama tili inaonyesha 3,150 na kwenye droo kuna keshi 1,060, basi siku imefunga sawa.

Wengi huandika hivi:

```
=SUM(B2:B5*C2:C5)
```

Kwenye Excel 2021 au 365 utapata 4,210 bila shida. Lakini ukienda saiba yenye Excel 2010 au 2016, mambo yanabadilika. Excel hizo za zamani, ukibonyeza Enter tu, hazizidishi safu nzima. Zinaangalia fomula imekaa mstari gani, halafu zinachukua bei na idadi ya mstari huo peke yake. Fomula ikiwa E7, hakuna bei mstari wa 7, kwa hivyo unaona `#VALUE!`. Hiyo ni afadhali, maana angalau unajua kuna shida. Ikiwa E3 utapata 900, yaani mayai pekee, na hakuna onyo lolote. Hapo ndipo mtu anaanza kumshuku kijana wa dukani bure!

Unaweza kubonyeza Ctrl+Shift+Enter badala ya Enter, na hesabu itatoka sawa. Shida ni kwamba mtu akiihariri fomula baadaye na kubonyeza Enter peke yake, kosa linarudi. Sisi tunapendelea hii, inayofanya kazi kwenye matoleo yote, hata Google Sheets:

```
=SUMPRODUCT(B2:B5,C2:C5)
```

Safu zote mbili lazima ziwe na urefu sawa. Ukiweka B2:B5 na C2:C6, utapata `#VALUE!`.

Kuna mtego mmoja uliobaki. Ukiandika bei ya maziwa kama `60/=`, Excel inaiona ni maandishi, na SUMPRODUCT inaihesabu kuwa sifuri. Jumla inashuka hadi 2,770 kimyakimya, na tili inaonekana ina pesa za ziada. Andika 60 tu. Kuhakikisha, weka hii kwenye seli tupu:

```
=COUNT(B2:B5)
```

Inafaa kutoa 4. Ikitoa 3, tafuta bei iliyoegemea kushoto mwa seli, kwa kuwa nambari za kweli hukaa kulia.