Mume wa Nani?

Swali: Nahariri habari yenye sentensi hii: “Amina alimwambia Rehema kuwa mume wake amelazwa.” Niirekebishe vipi?

Jibu: Usiiguse kwanza. “Wake” inaweza kumrejelea Amina au Rehema, na sarufi haikuamulii. Soma aya nzima. Kama bado unapata masahihisho mawili yaliyo sawa kisarufi lakini yenye habari tofauti, hapo ukisahihisha utakuwa unabahatisha, na anayeumia ni msomaji. Muulize mwandishi: “Aliyelazwa ni mume wa Amina au wa Rehema?” Usimwandikie “Unamaanisha nini?”, maana ataiandika upya aya yote na utata ubaki palepale. Akijibu “Rehema”, andika: “Amina alimwambia Rehema kuwa mume wa Rehema amelazwa.” Jina limerudiwa, lakini habari ni sahihi. Asipopatikana kabla ya kuchapa, iondoe sentensi hiyo.