Mshipa Usiobonyea: Jinsi Picha ya Mguu Inavyofichua Donge la Damu

Mguu mmoja unapovimba na kuuma, hasa baada ya kujifungua, kufanyiwa upasuaji, kufungwa plasta au kulala kitandani kwa siku nyingi, daktari huweza kuagiza picha ya altrasaundi ya mishipa ya mguu. Katika fomu, kipimo hiki huandikwa Dopla ya mguu. Wakazi wengi hurudi nyumbani na karatasi ya majibu iliyoandikwa kwamba vena "inabonyea" au "haibonyei" bila kujua maana yake. Makala haya yanaeleza neno hilo, kwa sababu matibabu yote yanayofuata hutegemea jibu lake.

Mfano wa mama mmoja wa miaka 29 utasaidia. Siku ya 9 baada ya kujifungua kwa upasuaji, anafika hospitalini akilalamika kwamba mguu wake wa kushoto umekuwa mzito na unauma kwenye shavu, yaani nyama ya nyuma chini ya goti. Hana homa, na mguu hauna kidonda. Daktari anapima mzunguko wa miguu yote miwili, sentimita 10 chini ya kile kifundo cha mfupa kilicho mbele chini ya goti. Wa kulia ni sentimita 35, wa kushoto ni 39. Tofauti inayozidi sentimita 3 humfanya daktari ashuku kwamba damu imeganda katika vena ya ndani. Anaandika fomu ya picha.

KWA NINI MSHIPA HUBONYEZWA

Mishipa ya damu ya mguuni ni ya aina mbili. Ateri hupeleka damu kutoka moyoni. Kuta zake ni nene na damu husukumwa ndani yake kwa nguvu. Vena hurudisha damu moyoni. Kuta zake ni nyembamba na msukumo wa ndani ni mdogo. Kwa hiyo vena yenye afya ikibonyezwa kidogo tu kutoka nje, kuta zake hukutana na mshipa hufungika kabisa. Mkono ukiondolewa, damu hurudi na mshipa hufunguka tena.

Mkulima anayemwagilia shamba kwa mpira laini anaijua hali hii. Mpira ukiwa na maji tu, unabonyea chini ya kidole. Matope yakiganda ndani yake, mpira huo huo haubonyei, hata ukikanyagwa. Vena iliyo na donge la damu hufanya vivyo hivyo: kuta zake haziwezi kukutana kwa sababu kuna kitu kigumu katikati.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mtaalamu asilitazame tu donge kwenye skrini. Sababu ni kwamba donge bichi, lenye siku chache, mara nyingi huonekana jeusi sawasawa na damu inayotembea. Jicho linaweza kulikosa. Kubonyeza hakudanganyiki kwa urahisi hivyo, ndiyo maana hicho ndicho kipimo kikuu, na rangi za mashine ni msaidizi wake.

JINSI PICHA INAVYOFANYWA

Mgonjwa hahitaji kufunga kula wala kunywa dawa yoyote ya maandalizi. Kipimo hiki hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii, si miale, kwa hiyo ni salama kwa mjamzito na kwa mama anayenyonyesha. Kuvaa leso au nguo pana hurahisisha kazi, kwa kuwa picha huanzia kwenye kinena.

Mgonjwa hulala chali, kitanda kikiinuliwa kidogo upande wa kichwa ili damu ijae katika vena za miguu. Mguu hugeuzwa kwa nje na goti hukunjwa kidogo. Mtaalamu hupaka jeli na kuweka kifaa cha mkononi kwenye kinena, kikikata mguu kwa mapana. Kwenye skrini huonekana miduara miwili myeusi iliyo karibu: ateri na vena.

Kisha anabonyeza taratibu, moja kwa moja kwenda chini, na kutazama. Vena ikifungika, sehemu hiyo haina donge. Anasogea chini sentimita 1 au 2 na kubonyeza tena, akifuata vena ya paja hadi nyuma ya goti, ambapo vena za shavu la mguu hukutana.

Ateri iliyo jirani ndiyo humwambia mtaalamu kama ametumia nguvu ya kutosha. Ikiwa ateri nayo imeanza kubonyea na vena bado iko wazi, donge lipo. Ikiwa ateri bado ni mviringo kamili, huenda hajabonyeza vya kutosha, na jibu halijapatikana. Ndiyo sababu mgonjwa husikia mgandamizo mkubwa katika sehemu fulani, hasa kwenye paja karibu na goti ambako vena imefichwa na misuli. Akikaza misuli, kazi huwa ngumu zaidi. Vilevile, mtaalamu habonyezi kifaa kikiwa kimelala kufuata urefu wa mshipa, kwa sababu kinaweza kuteleza pembeni, vena ikatoweka kwenye skrini, na mtu akadhani imefungika.

KAZI YA DOPLA

Baada ya kubonyeza, mtaalamu huwasha Dopla, sehemu ya mashine inayotambua damu inayotembea na kuipaka rangi. Nyekundu na buluu huonyesha damu inakoelekea ikilinganishwa na kifaa, iwe inakikaribia au inakiacha. Rangi hizo hazimaanishi damu safi na damu chafu, wala buluu si dalili ya ugonjwa. Katika vena iliyozibwa, rangi haionekani kabisa, au hupita kama uzi mwembamba pembeni mwa donge.

Dopla pia husaidia mahali ambapo mkono haufiki. Juu ya kinena, vena huingia ndani ya nyonga, nyuma ya matumbo, na haiwezi kubonyezwa. Hapo mtaalamu husikiliza pumzi. Kwa kawaida, mtiririko wa damu kwenye vena ya kinena hupanda na kushuka mtu anapopumua. Ukiwa umenyooka bila kubadilika, huku ule wa mguu wa pili ukifuata pumzi, huenda kuna kizuizi juu zaidi, ndani ya nyonga. Jambo hili ni muhimu kwa wajawazito na waliojifungua karibuni, kwa sababu donge lao hutokea zaidi mguu wa kushoto, na mara nyingine hukaa huko juu. Daktari akilishuku, ataagiza picha nyingine ya nyonga.

JIBU LA KWANZA SI LA MWISHO DAIMA

Turudi kwa yule mama. Katika picha ya kwanza, vena ya kinena na ya nyuma ya goti zote zilifungika vizuri, na mtiririko ulifuata pumzi. Hospitali ilikuwa imepima sehemu hizo mbili tu, bila vena ndogo za shavu la mguu. Karatasi yake ilisema hakuna donge katika sehemu zilizopimwa, na arudi baada ya siku 7 kupimwa tena.

Maneno "katika sehemu zilizopimwa" ndiyo yaliyobeba uzito. Donge dogo likiwa ndani ya shavu la mguu, kipimo cha sehemu mbili hakilioni. Madonge mengi ya huko huyeyuka yenyewe. Machache hukua kuelekea juu, na yakishafika nyuma ya goti au kwenye paja, hatari ya kipande kukatika na kwenda kwenye mapafu huwa kubwa zaidi. Kurudi baada ya wiki moja ni kwa ajili ya kuyanasa hayo machache.

Nyumbani, shangazi yake alisema kwamba kwa kuwa picha ni nzuri, mguu ukandwe kwa maji moto ushuke. Mama huyo alikataa kukandwa mguu na akarudi siku ya 16. Vena ya kinena ilifungika kama mwanzo. Katikati ya paja, ilifungika. Nyuma ya goti, mtaalamu alibonyeza hadi ateri ikaanza kubonyea, lakini vena ilibaki mviringo, pana kuliko ateri. Dopla ilionyesha uzi mwembamba wa rangi pembeni. Jibu lilikuwa wazi: donge bichi limefika nyuma ya goti.

Siku hiyo hiyo alianzishiwa sindano za kuzuia damu kuganda, aina isiyomdhuru mtoto anayenyonya. Dawa hizi haziyeyushi donge papo hapo. Hulizuia lisikue wakati mwili wenyewe unalimomonyoa. Matibabu huchukua angalau miezi 3, hata kama uvimbe umeshuka mapema, na kuyaacha katikati humrudisha mgonjwa hatarini.

VENA ISIYOBONYEA KWA SABABU NYINGINE

Si kila vena isiyofungika ina donge jipya. Mtu aliyewahi kuugua anaweza kubaki na makovu ndani ya mshipa, na vena ikashindwa kufungika kikamilifu kwa miaka. Donge bichi huivimbisha vena na ni laini kidogo. Kovu la zamani huiacha vena nyembamba, yenye kuta nene na nyuzi zinazong'aa kwenye skrini. Tofauti hii si rahisi kila wakati. Kwa hiyo mtu aliyewahi kutibiwa donge ahifadhi karatasi na picha zake za zamani, hasa ile ya mwisho wa matibabu, ili mguu ukivimba tena mtaalamu awe na cha kulinganisha.

LA KUZINGATIA

Mguu mmoja uliovimba ghafla usikandwe, usichuliwe wala kufungwa kitambaa cha kubana kabla haujapimwa. Mgonjwa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akianza kupumua kwa shida ghafla, kuumwa kifua anapovuta pumzi, kukohoa damu au kuzirai, hiyo ni dharura; apelekwe hospitali mara moja bila kusubiri picha ya mguu.

Baada ya picha, mgonjwa amuulize mhudumu maswali matatu: Ni sehemu gani za mguu zilizopimwa? Je, vena zote za sehemu hizo zilifungika? Na je, narudi lini kupimwa tena? Majibu yaandikwe kwenye karatasi, na tarehe ya kurudi ifuatwe hata kama maumivu yamepungua.