Kabla ya kuandika "sisi" kwa Kislovenia, hesabu watu

Wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaosoma hapa Ljubljana huniletea ujumbe wao mfupi niutazame kabla haujatumwa kwa familia inayowakaribisha. Makosa ya tahajia ni machache. Kosa ninalokutana nalo mara kwa mara ni lile lisiloonekana: mtu anaandika wingi mahali ambapo wako wawili tu. Kislovenia kina umoja, kina uwili, halafu ndipo kinakuja wingi, na wingi wake huanzia watatu. Waliopita madrasa na kusoma nahau ya Kiarabu wataukumbuka muthanna. Tofauti ni kwamba Waarabu wengi wanapozungumza nyumbani wameshauacha muthanna wa vitenzi, ilhali Mslovenia anautumia jikoni, kwenye basi na kwenye simu, hata mtoto mdogo.

Hatari yake iko hapa. Ukiandika wingi badala ya uwili, sentensi mara nyingi inabaki sahihi kisarufi. Programu ya kusahihisha maandishi haina cha kupigia mstari, kwa sababu haijui mnakuja wangapi. Mwenyeji wako naye hasomi kosa, anasoma habari: kwamba wanakuja watu watatu au zaidi. Ndiyo maana nataka tuupitie ujumbe mmoja polepole, neno kwa neno.

Mwandishi wake ni binti anayekwenda na dada yake kukaa siku chache Ptuj. Waliowaalika ni mume na mke, na nyumbani kuna mtoto wao mmoja wa kiume. Alikuwa ameandika hivi:

Pozdravljeni! Hvala vam za povabilo. S sestro bomo prišli v petek z vlakom ob šestih. Imamo dva kovčke. Ne jemo svinjine. Nas lahko počakate na postaji? Komaj čakamo, da vas spoznamo.

Alitaka kusema: hamjambo, asanteni kwa mwaliko, mimi na dada yangu tutafika Ijumaa kwa treni ya saa kumi na mbili, tuna masanduku mawili, hatuli nyama ya nguruwe, je, mnaweza kutungojea stesheni, tuna hamu sana ya kuwafahamu. (Hiyo "ob šestih" nilimuuliza kwanza. Sita yao ni kumi na mbili yetu, na kuna watu waliowahi kungojewa stesheni saa sita mchana.)

Usianze na kamusi, anza na kikaratasi. Andika makundi ya watu waliomo ndani ya ujumbe na hesabu ya kila kundi, pamoja na jinsia, maana nayo itahitajika. Kwa binti huyu makundi ni matatu. "Sisi" ni yeye na dada yake: wawili, wote wanawake. "Ninyi mliotualika" ni mume na mke: wawili, mchanganyiko. "Ninyi wa nyumbani" ni hao wawili pamoja na mtoto: watatu. Ukishakuwa na karatasi hiyo, kila kitenzi na kila kiwakilishi unakiuliza swali moja tu: wewe ni wa kundi gani?

Tuanze na sentensi ya tatu, ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Kwa Kiswahili ukisema "tutakuja na dada" msikilizaji anaweza kuelewa kwamba mko wawili, au kwamba nyinyi ni kundi na dada naye yumo. Kiambishi "tu" hakitoi idadi. Kislovenia nacho husema "s sestro", yaani pamoja na dada, lakini kitenzi ndicho kinachotoa hesabu ya wote, dada akiwemo. "Bova" ni sisi wawili. "Bomo" ni sisi watatu na kuendelea. Kwa hiyo "S sestro bomo prišli" inamwambia mama wa Ptuj kwamba anakuja huyu binti, dada yake, na angalau mtu mwingine mmoja.

Tena inamwambia zaidi ya hilo. "Prišli" ikiambatana na "bomo" ni wingi wa kiume, na wingi wa kiume hutumika pale ambapo ndani ya kundi yumo japo mwanamume mmoja. Wasichana watatu wangeandika "bomo prišle". Basi kwa maneno manne tu mwenyeji ameshapata picha ya mgeni wa kiume ambaye hayupo, na huenda ameshaanza kufikiria alale chumba gani.

Marekebisho ni "S sestro bova prišli". Tazama vizuri: "bomo" imekuwa "bova", ila "prišli" haikuguswa. Hapa wanafunzi wengi hukwama, kwa sababu umbo hilohilo lina kazi mbili. Mwisho wa -li ni wingi wa kiume, na pia ni uwili wa kike. Angekuja na kaka yake ingekuwa "Z bratom bova prišla", kwa kuwa uwili wa kiume na wa mchanganyiko huishia -la. Na -la hiyohiyo ndiyo umoja wa kike: "sem prišla", nimekuja, akisema mwanamke mmoja. Kwa sababu hiyo usijaribu kutambua uwili kwa kutazama -li na -la peke yake. Tazama kitenzi kisaidizi kilicho karibu nayo, yaani sva, sta, bova au bosta. Hicho ndicho kinachoonyesha idadi, na hizo -la na -li zinakifuata.

Baada ya hapo kazi inakuwa nyepesi, kwa sababu mwisho wa vitenzi vya wakati uliopo hautatanishi. Sisi wawili ni -va, sisi wengi ni -mo. "Imamo" inakuwa "imava", "jemo" inakuwa "jeva", "čakamo" inakuwa "čakava", "spoznamo" inakuwa "spoznava". Sentensi ya masanduku ilikuwa na kasoro ya pili: baada ya "dva" nomino nayo inaingia kwenye uwili, kwa hiyo "dva kovčka", si "dva kovčke". Hili ndilo kosa pekee katika ujumbe wote ambalo msomaji angeliona moja kwa moja kuwa ni kosa la sarufi, na pia ndilo lisilo na madhara, kwa sababu namba yenyewe imeshatajwa.

Viwakilishi husahaulika zaidi, labda kwa kuwa ni vifupi. "Nas", yaani kutungojea sisi, inakuwa "naju" tukiwa wawili. Na "počakate" inategemea nani anaombwa kuja stesheni. Aliwaomba mume na mke, kwa hiyo "počakata". Vivyo hivyo "hvala vam" inakuwa "hvala vama", kwa sababu mwaliko ulitoka kwa hao wawili.

Sasa fika mwisho wa ujumbe uone kwa nini huwezi kubadilisha kila kitu kwa mkupuo. "Komaj čakava, da vas spoznava": vitenzi vyote viwili ni vya uwili, kwa kuwa wenye hamu ni yeye na dada yake, lakini "vas" inabaki wingi. Anataka kuwafahamu wote wa nyumbani, na wote ni watatu. Angeandika "vaju" angekuwa amemwacha mtoto nje, na mtoto huyo akisomewa ujumbe angelisikia hilo. Salamu "Pozdravljeni" nayo inabaki kwa sababu hiyohiyo, ni ya nyumba nzima. Ujumbe uliotumwa ulikuwa huu:

Pozdravljeni! Hvala vama za povabilo. S sestro bova prišli v petek z vlakom ob šestih. Imava dva kovčka. Ne jeva svinjine. Naju lahko počakata na postaji? Komaj čakava, da vas spoznava.

Ukimaliza kuandika wako, usiusome kwa maana, maana itakupitisha juu ya makosa. Upitie ukitafuta herufi tu. Kila kitenzi kinachoishia -mo kiwe na watu watatu nyuma yake kwenye karatasi yako. Kila -te vilevile. Halafu tafuta nas, nam, vas, vam, naš na vaš, uulize kama mojawapo inapaswa kuwa naju, nama, vaju, vama, najin au vajin. Ujumbe wa mistari sita hauhitaji zaidi ya dakika mbili.

Kuna mahali ambapo wingi ni sahihi hata kama vitu ni viwili, na mwanafunzi aliyeshika uwili kwa bidii huharibu hapo. Viungo vya mwili na vitu vinavyokwenda jozi kwa kawaida huwa katika wingi: miguu inayouma baada ya safari ni "noge", viatu ni "čevlji". Wazazi nao ni "starši" kwa wingi, ingawa ni baba na mama tu. Kwa hiyo ukitaka kufikisha salamu za nyumbani kwa wenyeji wawili, utaandika "Moji starši vaju lepo pozdravljajo": wazazi kwa wingi, wanaosalimiwa kwa uwili, ndani ya sentensi moja. Uwili unarudi ukitaja mbili au zote mbili, kama "obe nogi", miguu yote miwili.

Heshima nayo ina njia yake. Ukimwandikia mama mwenye nyumba peke yake, mtu usiyemzoea, unatumia wingi kwa mtu mmoja: "Gospa, ali ste dobili sporočilo?" Hapo -li haina uhusiano na idadi wala jinsia, ni adabu. Lakini ukiwaandikia yeye na mumewe pamoja, unaweza kuandika "sta dobila" bila wasiwasi. Uwili haupunguzi heshima.

Jambo la mwisho la kujihadhari nalo ni sikio lako mwenyewe. Mitaani Ljubljana utasikia wasichana wawili wakisema "sva šle" badala ya "sva šli", na utasikia "dve punce" badala ya "dve punci". Ni mazungumzo ya kawaida, na upande wa kike ndiko uwili unakolegea zaidi katika lugha ya kusema. Kwenye maandishi kwa familia usiyoijua, shika umbo la vitabuni.

Jibu likija, lisome kwa hesabu ileile, kwa sababu litakuambia nani wa kumtafuta stesheni. "Čakala vaju bova" ni mume na mke watakaokuja wawili. "Čakal vaju bo mož" ni mume peke yake. "Čakali vaju bomo" ni nyumba nzima, mtoto akiwemo. Na ikiwa wameandika "vas" badala ya "vaju", jibu upesi kwamba mko wawili, kabla hawajatandika kitanda cha tatu.