Wachumba, Choreni Ukoo Wenu Kabla ya Mahari

Wachumba wapendwa, mnapojiandaa kwa ndoa mnaulizana mengi: mtaishi wapi, nani atalipa karo za wadogo zenu, mahari ni kiasi gani. Kuna swali moja ambalo huku pwani ya kusini, toka Diani hadi Msambweni na Lungalunga, halifai kusahauliwa. Je, katika ukoo wenu kuna mtoto aliyeugua selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli?

Swali hili lina sababu yake. Mwaka 1949 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba chembe ya urithi ya selimundu imeenea sana kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Viktoria, lakini ni adimu kwa watu wa nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu: mtu aliyeirithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Hivyo palipo na mbu wengi, watu hao waliishi na kuzaa, na chembe ikaendelea kurithishwa. Ndiyo maana hata leo, mkivuka Likoni kuelekea kusini, wabebaji wake ni wengi, na wengi wao hawajijui.

Tuanze na maana ya mbebaji. Kila mtu ana chembe mbili zinazoamua aina ya himoglobini katika damu yake, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Chembe ya kawaida huandikwa A, na ya selimundu huandikwa S. Mwenye AA hana S kabisa. Mwenye AS ni mbebaji: ana afya, analima, anavua, anazaa, wala hana dalili. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Seli zake nyekundu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na kuvunjika mapema, naye hupata maumivu ya mifupa na upungufu wa damu. Msichanganye herufi hizi na makundi ya damu, yaani A, B, AB na O. Kadi inayosema "kundi A" haielezi lolote juu ya S.

Sasa tutazame mraba wa Punnett, ulioitwa kwa jina la Mwingereza aliyeubuni mwanzoni mwa karne ya 20. Chembe mbili za baba huandikwa juu, na mbili za mama huandikwa kando. Kila chumba hupokea herufi moja ya juu na moja ya kando. Wazazi wote wawili wakiwa AS, mraba huwa hivi:

| | A (baba) | S (baba) |
|---|---|---|
| A (mama) | AA | AS |
| S (mama) | AS | SS |

Chumba kimoja kati ya vinne ni mgonjwa, viwili ni wabebaji, na kimoja hana S. Hapa wengi hukosea. Hudhani kwamba mtoto wa kwanza akiwa mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sivyo. Mraba huu ni wa kila mimba peke yake, na mimba ya pili haijui yaliyotokea katika ya kwanza. Kuna nyumba yenye watoto watano bila mgonjwa hata mmoja, na nyumba yenye wawili wagonjwa kati ya watatu, na wazazi wa nyumba zote mbili ni AS. Oneni pia kwamba S moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Mama asilaumiwe peke yake, wala ukoo wake.

Mraba unahitaji kujua wazazi ni nani: AA au AS. Kama hawajapimwa, chati ya ukoo hutusaidia. Chukueni karatasi. Mwanamume huchorwa kama mraba mdogo, mwanamke kama duara. Mstari wa kulala huunganisha mume na mke, na kutoka hapo mstari hushuka kwa watoto wao. Mgonjwa hujazwa wino wote, mbebaji hujazwa nusu, na marehemu hupigwa mstari wa mshazari.

Tuchukue mfano wa kutunga. Rosa anatoka Msambweni. Mdogo wake wa kiume, tumbo moja na baba mmoja, amethibitishwa hospitalini kuwa SS. Baba na mama yao ni wazima. Mgonjwa amepata S moja kutoka kwa kila mzazi, kwa hiyo hata bila kipimo tunajua kwamba wazazi wote wawili ni AS. Wajazeni nusu.

Na Rosa mwenyewe? Wengi watasema ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji, kwa kuwa vyumba viwili kati ya vinne ni AS. Lakini Rosa ni mtu mzima mwenye afya, hivyo chumba cha SS tumekwisha kukifuta. Vimebaki vitatu: AA, AS na AS. Uwezekano wa Rosa kuwa mbebaji ni 2 kati ya 3. Ndugu yeyote mzima wa mgonjwa huhesabiwa hivyo.

Mchumba wake Yosefu ni wa Diani. Kwao anasema, "Ndugu yangu mmoja alifariki kwa selimundu." Hapa mwenye kuchora asimamishe kalamu na kuulize: ndugu wa namna gani? Kwetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu, mtoto wa baba mkubwa ni ndugu, na hata mtoto aliyelelewa nyumbani ni ndugu. Heshima hiyo ni njema, lakini chembe hufuata damu. Vilevile, watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali wamechangia mzazi mmoja tu. Kama Rosa na yule mgonjwa wangechangia baba peke yake, tungejua tu kwamba baba ni AS, na uwezekano wa Rosa ungekuwa nusu, ikiwa mama yake hana S.

Yosefu akiulizwa vizuri, anaeleza kwamba marehemu alikuwa mtoto wa mama mdogo. Basi mama mdogo huyo ni AS. Ameipata S kwa babu au kwa nyanya, na mama yake Yosefu ni dada yake wa tumbo moja na baba mmoja. Mmoja wa wazee hao akiwa AS, mama yake Yosefu ana nusu ya uwezekano wa kuwa mbebaji. Yosefu naye ana nusu ya hiyo, yaani 1 kati ya 4. Hiyo ni hesabu ya upande wa mama tu. Baba yake Yosefu naye ni mtu wa pwani na hajapimwa, kwa hiyo uwezekano halisi ni mkubwa kidogo kuliko huo.

Tuunganishe. Rosa ni 2 kati ya 3 na Yosefu ni 1 kati ya 4. Ukizidisha, uwezekano wa wote wawili kuwa wabebaji ni 1 kati ya 6. Wakiwa hivyo, kila mimba ina 1 kati ya 4 ya kuwa SS. Kwa hiyo, kabla ya kipimo chochote, mtoto wao ana 1 kati ya 24 ya kuwa mgonjwa. Mtu anaweza kusikia hivyo akatulia. Asitulie, kwa maana ile 1 kati ya 24 ni kipimo cha kutojua kwetu tu. Mmoja wao akipimwa akawa AA, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS. Wote wakiwa AS, ni 1 kati ya 4. Chati imewaonyesha kwamba kupima kunawahusu. Damu ndiyo itakayotoa jibu.

Chati ina udhaifu mwingine. Watoto wengi wa zamani walizikwa bila kupimwa, na wazee husema ilikuwa malaria au jini. Ulizeni kwa upole: je, mtoto alivimba viganja na nyayo akiwa mchanga? Macho yalikuwa ya manjano? Alilia mifupa? Aliongezewa damu mara kwa mara? Majibu ya ndiyo hayathibitishi, lakini wekeni alama ya kuuliza kwenye chati. Na malaria nayo isiwapotoshe, kwani mtoto wa SS hana ile kinga ya mbebaji, bali malaria humdhuru vibaya.

Mkienda kupima, hospitalini Msambweni au kwingineko, jueni mnaomba nini. Kuna kipimo cha haraka kinachoonyesha kama S imo katika damu. Hicho hakitenganishi AS na SS. Ombeni kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, kiitwacho elektroforesisi, na muulize kama hufanywa hapo au damu hupelekwa maabara nyingine. Kama mmoja wenu ameongezewa damu karibuni, asubiri miezi minne, maana damu ya mtu mwingine inaweza kubadili majibu. Majibu yawe ya maandishi, kwa herufi mbili, na myaweke pamoja na chati.

Nendeni mapema, kabla ya mahari na kabla ya matangazo ya ndoa kusomwa kanisani, ili mzungumze bila kushurutishwa na sherehe iliyokwisha kupangwa. Mkikutwa wote ni AS, hicho si kizuizi cha ndoa katika sheria ya Kanisa. Wapo watakaoachana kwa amani na wapo watakaooana, na uamuzi ni wao wawili, si wa shangazi wala wa jirani. Watakaooana wamweleze mkunga mapema, na kila mtoto apimwe akiwa mchanga. Mtoto wa SS akijulikana mapema huanzishiwa penisilini akiwa na miezi miwili hivi, hupata chanjo zake zote, hulala ndani ya chandarua na hupewa dawa ya kuzuia malaria. Baadaye daktari anaweza kumpa haidroksiyurea, ambayo hupunguza vipindi vya maumivu. Asiyejulikana anaweza kufariki kabla ya miaka mitano, na jina la ugonjwa lisitajwe.

Na Rosa akipatikana kuwa AS, wapo dada na kaka zake wengine ambao nao wana 2 kati ya 3. Awaonyeshe ile karatasi kabla nao hawajaposa au kuposwa.