Mtoto Anayecheua: Ni Lini Kubadili Ulishaji Kunatosha?

Chukulia mtoto wa miezi 3, mama yake mfanyabiashara wa Kariakoo. Hucheua kila anyweshwapo, lakini ni mchangamfu na uzito umepanda hadi kilo 6. Mlezi humpa maziwa ya mama yaliyokamuliwa mililita 200 mara 6, jumla 1,200 kwa siku, ilhali takriban 900 zingemtosha. Apewe mililita 130 mara 7, abebwe wima nusu saa, kisha alazwe chali. Dawa ya asidi haihitajiki.

Endapo angekataa kunyonya, uzito ukadumaa au akatapika damu, tungeshuku ugonjwa: asidi ya tumbo inaumiza umio. Achunguzwe. Matapishi ya kijani, au yarukayo mbali kila anyonyapo, yanahitaji hospitali siku hiyohiyo.