Makato yasiyo na maelezo

SWALI: Nauza vipuri vya pikipiki. Nilipohamisha taarifa ya benki kutoka PDF kwenda Excel, nikakuta makato ya shilingi 8,850 yasiyo na maelezo. Niiandikieje benki?

JIBU: Kwanza hakikisha kosa si la uhamishaji. Maelezo ya mistari miwili hukatika, na namba ya kumbukumbu huweza kuangukia safu ya fedha. Fungua PDF yenyewe, uangalie salio. Kama kabla lilikuwa 412,000 na baada ya makato ni 403,150, basi fedha imetoka kweli.

Hapo andika barua kwa meneja wa tawi, useme hivi: “Tarehe 14 Machi akaunti yangu ilikatwa shilingi 8,850 bila maelezo. Naomba mnijulishe ni ada gani. Kama haistahili, mnirudishie na kunipa taarifa iliyosahihishwa.” Usiandike “mmeniibia”, huenda ni ada halali iliyokosa jina.

Ambatisha ukurasa wa PDF, si jedwali lako la Excel, maana hilo benki hawalitambui. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, nakala hiyo yenye muhuri ndiyo utakayoambatisha ukilalamika Benki Kuu.