Barua ya Kumpelekea Mama wa Jumla

Mdogo wangu wa Kihonda, Morogoro, barua zako zote mbili nimezisoma: uliyoniandikia mimi, na ile unayotaka kumpelekea yule mama mwenye duka la jumla mjini ili awe mlezi wako wa biashara. Yangu ni nzuri kuliko yake. Mimi umeniambia kwamba duka lako la vyakula lina miezi saba, unauza kama shilingi 120,000 kwa siku, na kila ukienda kufuata mzigo unakuta fedha imepungua kuliko mara iliyopita. Yeye umemwandikia hivi: "Naomba unishike mkono katika safari yangu ya ujasiriamali ili nifikie ndoto zangu."

Sasa fikiria anavyoisoma, amesimama katikati ya magunia, wateja wanamwita kila upande. Mfanyabiashara mkongwe akiona "nishike mkono" anaona mkopo. Kama si mkopo, anaona mali kauli isiyo na mwisho. Hata kama moyo wake ni mweupe, hajui umemwomba nini hasa, wala shughuli hiyo itakwisha lini. Atakujibu "sawa mwanangu, tutaongea," na hamtaongea.

Vijana wanaolelewa kwenye maduka ya ndugu zao hawahitaji barua. Wachaga na Wakinga wana sifa hiyo: kijana anauza dukani kwa mjomba au kaka, anajifunza kununua, kupanga na kudai, halafu siku moja anafunguliwa duka lake. Yule mjomba haambiwi shida iko wapi, ameiona mwenyewe. Mama wa jumla hajawahi kukanyaga duka lako. Kwa hiyo kazi ya barua yako ni kumwonyesha duka akiwa kulekule mjini, na duka huonyeshwa kwa hesabu.

Ndiyo maana nilikupigia simu nikakusumbua ufunge mapema na uhesabu mali. Ulivyofanya ni sawasawa: kila kitu kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia, gunia lililofunguliwa linapimwa kwenye mzani, biskuti zilizopitwa na muda ni sifuri. Ukapata mali ya shilingi 1,580,000, madeni ya wateja 350,000 na fedha mkononi 120,000. Jumla 2,050,000. Toa mali kauli ya 180,000 unayodaiwa na huyohuyo mama, inabaki 1,870,000. Ulianza na 2,500,000. Ndani ya miezi saba mtaji umepungua shilingi 630,000, yaani 90,000 kila mwezi.

Zinakwenda wapi? Wewe ulishuku chuma ulete. Mimi nilichukua mauzo ya mwezi, 3,600,000, na kwa bei ulizonitajia faida yako ni kama shilingi 11 katika kila 100 za mauzo, kwa sababu unga, sukari na mafuta ya kupima havina faida kubwa. Hiyo ni 396,000. Kodi ya fremu 100,000, umeme 25,000, bajaji ya mzigo 60,000, inabaki 211,000. Halafu kuna mchele, mafuta na sabuni vinavyotoka dukani kwenda nyumbani, pamoja na "nipe elfu tatu ya mboga." Wewe mwenyewe ulikadiria 10,000 kwa siku, na kwa mwezi ni 300,000. Unakula 300,000 kwenye faida ya 211,000. Pengo ni 89,000, karibu sawa na lile tulilolipata kwa kuhesabu mali. Hesabu mbili za njia tofauti zikikutana hivyo, mchawi huna haja ya kumtafuta. Ila usisahau kwamba katika yale madeni ya 350,000 wamo watakaohama mtaa bila kulipa, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi kidogo.

Hapo ndipo unapopata cha kumwomba yule mama. Hupeleki tena ndoto, unapeleka maswali mawili: ujilipe kiasi gani, na wateja wa daftari uwabane vipi bila kuwafukuza. Mambo hayo ameyapitia, maana umesema alianza na duka la rejareja. Kuna swali moja ambalo usimwulize yeye, nalo ni ununue bidhaa gani na kwa nani. Anakuuzia. Hata akiwa mwadilifu kiasi gani, ushauri wake wa kuongeza katoni za sabuni ni mauzo kwake. Hilo kamwulize mwenye duka kama lako wa mtaa wa mbali, msiyegombania naye wateja.

Na kabla ya barua, lipa ile 180,000, hata kama ni kwa kukaa wiki mbili bila kuongeza mzigo. Ukimwonyesha mtaji unaopungua huku unadaiwa, atafikiria fedha yake kwanza, na hakosei.

Mimi ningeandika hivi:

"Shikamoo Mama. Mimi ni mteja wako wa duka la Kihonda. Deni langu nimelimaliza wiki hii, nashukuru kwa kuniamini. Nimehesabu mali na kuona mtaji wangu umepungua kutoka 2,500,000 hadi 1,870,000 kwa miezi saba. Naona sababu kubwa ni matumizi ya nyumbani na madeni ya wateja. Karatasi ya hesabu nimeiambatanisha. Siombi fedha wala mzigo wa mkopo. Naomba saa moja ya muda wako, siku isiyo na kazi nyingi, uitazame karatasi hii na unieleze wewe ulijilipaje ulipokuwa na duka la rejareja, na madeni uliyadhibiti vipi. Ukiona inafaa, nitakuletea karatasi kama hii kila mwisho wa mwezi kwa miezi mitatu, kisha tutaishia hapo. Nitapita Jumatano mchana kusikia jibu lako. Mwanao."

Umeona neno "mlezi" halimo. Ulezi wenyewe ni ile miezi mitatu. Akiizoea karatasi yako, mwezi wa nne ataiulizia mwenyewe. Na ukomo ule ni kwa faida yake: mtu mwenye shughuli nyingi hukubali kwa urahisi jambo analoliona mwisho wake.

Peleka kwa mkono. Ujumbe wa simu kwa mama wa rika lile ni kama kumsalimia ukiwa umekaa. Usiende siku lori linashusha, wala asubuhi wenye maduka wanapofuata mzigo. Kama yupo mtu mzima anayewafahamu nyote wawili, akutangulie kwa neno moja tu, kwamba kijana wa Kihonda ana jambo na si la fedha.

Akikubali, atakachokuambia huenda kisikupendeze. Natabiri atasema ujilipe 6,000 kwa siku, yaani 180,000 kwa mwezi, na sabuni ya nyumbani uinunue dukani kwako kama mteja mwingine. Fanya hivyo mwezi mzima kabla ya kurudi na swali jingine, maana ukirudi na karatasi ileile hatakutazama tena. Akikataa, mshukuru, endelea kununua kwake, na barua hiyohiyo mpelekee mwingine, ukibadilisha ile sentensi ya deni.

Nanyi akina mama na akina baba wa jumla mnaosoma kona hii, kijana akiwajia na karatasi yenye hesabu badala ya maneno matamu, mpeni hiyo saa moja.